Honi iliyosikika hezi 660 na 540: yenyewe ilikuwa ngapi?

Kuna swali moja la mawimbi ya sauti ambalo nimekuwa nikiliweka kwenye majaribio mafupi ya kidato cha sita, na kila mwaka linaangusha watu, hata wale ambao kanuni wanaijua kwa kichwa. Linasema hivi:

Treni inapita mbele yako bila kubadili mwendo, huku ikipiga honi mfululizo. Ilipokuwa inakuja ulipima hezi 660. Ilipokwisha kukupita ikawa inakwenda zake, ulipima hezi 540. Hewa imetulia na sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Honi yenyewe inatoa hezi ngapi? (a) 540 (b) 594 (c) 600 (d) 660.

Walio wengi wanachagua (c). Hesabu yao ni fupi: sauti ilipanda wakati wa kuja, ikashuka wakati wa kwenda, basi ya kweli lazima iwe katikati. 660 jumlisha 540, gawa kwa mbili, 600. Jibu sahihi ni (b), 594.

Kinachonifanya nilipende swali hili ni kwamba 600 si jibu la ovyo. Ni jibu sahihi kabisa la swali jingine linalofanana na hili kama pacha. Ukiwa wewe ndiye uliye ndani ya treni, na king'ora kimefungwa juu ya nguzo kando ya reli, ukakikaribia ukasikia 660 kisha ukakiacha nyuma ukasikia 540, basi king'ora hicho kinatoa hezi 600 barabara. Mwendo wa treni ni uleule katika maswali yote mawili, mita 34 kwa sekunde. Namba zilizosikika ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anatembea na nani amesimama.

Hapo ndipo wanafunzi wanapolalamika. Mbona mwendo ni mwendo tu? Mimi nikikuendea wewe, au wewe ukinijia mimi, si tunakaribiana vilevile?

Tuanze na maneno. Masafa ninayoyasema hapa ni yale ya redio, si ya umbali: idadi ya mawimbi yanayopita mahali fulani katika sekunde moja. Hezi 600 ni mawimbi 600 kwa sekunde. Masafa yakipanda, sikio husikia sauti nyembamba. Yakishuka, husikia sauti nzito.

Sasa fikiria mtu anayetuma vijana waje kwako, mmoja mmoja, kila baada ya dakika moja. Wote wanatembea kwa mwendo mmoja, hakuna anayekimbia wala anayezubaa. Ikiwa mtumaji amekaa palepale na wewe umekaa palepale, utawapokea kila baada ya dakika moja. Mtumaji akianza kutembea kukujia huku anaendelea kuwatuma, kila kijana anaanzia mbele kidogo kuliko aliyemtangulia. Njiani watakuwa wamebanana, na kwako watafika upesi upesi zaidi. Lakini mtumaji akikaa na wewe ukaamua kwenda kuwalaki, nafasi kati ya kijana na kijana haijaguswa. Wamepangana vilevile njiani, ila wewe unawafikia mapema.

Katika hali zote mbili unawapokea wengi zaidi kwa saa. Lakini sababu ni mbili tofauti. Mtumaji akitembea, nafasi kati yao inapungua. Mpokeaji akitembea, nafasi haibadiliki; kinachobadilika ni kasi ya kukutana nao. Na angalia jambo jingine: mtumaji kutembea hakumfanyi kijana aende haraka zaidi. Wapo wanaodhani treni inaisukuma sauti yake kama anayerusha jiwe huku anakimbia. Haiisukumi. Sauti ikishatoka kwenye honi ni mali ya hewa, na hewa huisafirisha kwa mwendo wake yenyewe, mita 340 kwa sekunde, iwe treni imesimama au inakimbia.

Tuweke namba. Honi ya hezi 600 iliyosimama hutoa mawimbi yaliyoachana kwa 340 ÷ 600, yaani kama sentimita 56.7. Treni ikienda mita 34 kwa sekunde (kama kilomita 122 kwa saa, mwendo ambao treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro huuzidi bila shida), kati ya wimbi moja na la pili inakuwa imesogea 34 ÷ 600, karibu sentimita 5.7. Kwa hiyo mbele ya treni mawimbi yameachana kwa sentimita 51 tu. Yanakujia kwa mita 340 kwa sekunde, basi unapokea 340 ÷ 0.51, karibu 667 kwa sekunde. Nyuma ya treni yameachana kwa sentimita 62.3, na anayesikiliza huko anapokea karibu 545.

Geuza mambo. King'ora cha hezi 600 kimesimama, wewe unakikimbilia kwa mita 34 kwa sekunde. Mawimbi yameachana kwa sentimita 56.7 zilezile, lakini unakutana nayo kwa mita 374 kwa sekunde. Unapata 660. Ukikiacha nyuma, yanakufikia kwa mita 306 kwa sekunde, unapata 540.

Linganisha jozi hizo mbili. Msikilizaji anayetembea anapata 660 na 540: zimepanda 60, zimeshuka 60, sawasawa pande zote. Chanzo kinachotembea kinatoa 667 na 545: zimepanda 67, zimeshuka 55 tu. Chanzo kikitembea, kupanda huzidi kushuka daima. Ndiyo maana wastani hauwezi kukupa masafa ya honi ya treni. Kila mara utakuwa juu kidogo ya ukweli.

Turudi kwenye swali. Honi ingekuwa 600 ungesikia 667 na 545, siyo 660 na 540. Kwa hiyo honi iko chini ya 600, na hapo tayari (c) na (d) zimekufa. Ya kwanza, (a), haiwezekani, kwani 540 ndiyo iliyosikika baada ya kushushwa. Mtu makini angeweza kufika kwenye (b) bila kalamu. Lakini tuhesabu. Gawa 660 kwa 540. Masafa ya honi yanajifuta na kubaki (340 + u)/(340 − u), ambapo u ni mwendo wa treni. Ukitatua unapata u = 340 × (660 − 540)/(660 + 540), ambayo ni mita 34 kwa sekunde. Kisha honi ni 660 × 306/340 = 594. Hakikisha kwa upande wa pili: 540 × 374/340, nayo ni 594. Zikikubaliana pande zote mbili, unaweza kulala usingizi.

Kanuni nzima, inayobeba mwendo wa wote wawili, ni hii:

```
f' = f × (v ± vo) / (v ∓ vs)
```

Hapa v ni mwendo wa sauti, vo ni mwendo wa msikilizaji na vs ni mwendo wa chanzo. Sasa unaona kwa nini mmoja yuko juu na mwingine yuko chini: msikilizaji anabadili kasi ya kukutana na mawimbi, chanzo kinabadili urefu wa wimbi lenyewe, na urefu ndio tunaougawia.

Kuhusu alama za kujumlisha na kutoa, ambazo ndizo zinazokula alama nyingi kuliko fizikia yenyewe, nina ushauri mmoja. Usizikariri. Uliza kwa kila mmoja peke yake: mwendo wa huyu unafanya sauti iwe nyembamba au nzito? Msikilizaji akielekea kwenye chanzo, sauti lazima iwe nyembamba, kwa hiyo sehemu ya juu ikue: jumlisha. Chanzo kikielekea kwa msikilizaji, sauti lazima iwe nyembamba, kwa hiyo sehemu ya chini ipungue: toa. Kosa la kawaida ni kumwamulia mmoja kwa kutazama kama wanakaribiana au wanaachana kwa jumla. Gari la wagonjwa linalokufukuza kwa mita 30 kwa sekunde wakati wewe unaenda mita 20 linakukaribia, ni kweli, lakini wewe unalikimbia. Juu ni 340 − 20, chini ni 340 − 30. Na mkienda sawa, mita 30 na 30, juu na chini zinafutana, unasikia king'ora kama kilivyo ingawa nyote mnapasua hewa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mitaani hatuoni tofauti hii kati ya chanzo na msikilizaji. Ni kwa sababu mwendo ukiwa mdogo, tofauti ni ndogo mno. Kwa mita 17 kwa sekunde, honi ya 600 inayokujia inasikika kama 631.6, wewe ukiiendea kwa mwendo uleule unasikia 630. Sikio la kawaida halitazitenga hizo mbili. Christian Doppler, mwanahisabati wa Austria, alitoa wazo hili mwaka 1842 akiwa Prague, akilenga zaidi rangi za nyota kuliko honi. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliweka wapiga tarumbeta kwenye treni katika njia ya Utrecht, na kando ya reli akaweka wanamuziki wenye masikio mazuri wakisie noti. Sauti ilipanda na kushuka kama ilivyotabiriwa. Wazo la rangi za nyota hakulikubali, na katika hilo Doppler kweli alikuwa amekosea, ingawa kanuni yake ya msingi ilisimama.

Mwendo ukiwa mkubwa, tofauti hupiga kelele. Kwa nusu ya mwendo wa sauti, chanzo kinachokuja huzidisha masafa mara mbili, 600 inakuwa 1200. Msikilizaji anayekwenda hupata 900 tu. Chanzo kikifikia mwendo wa sauti, sehemu ya chini ya kanuni inakuwa sifuri: mawimbi yote yamelundikana mahali pamoja na kanuni haina tena la kusema. Msikilizaji akifikia mwendo huo, hakuna la ajabu, anasikia 1200. Jibu lako likitoka hasi au likiwa kubwa kupita kiasi, tazama kwanza kama hukumweka msikilizaji chini na chanzo juu.

Sasa kuna swali la maneno matupu, lisilo na hesabu, ambalo huwaumbua hata walimu. Treni inakuja kwa mwendo usiobadilika, umesimama pembeni mwa reli. Inapokaribia, masafa unayosikia (a) yanapanda, (b) yanabaki palepale, (c) yanashuka. Karibu kila mtu atakuambia yanapanda. Anachokumbuka ni kwamba sauti ilikuwa inaongezeka. Ndiyo, iliongezeka kwa nguvu, ilikuwa kubwa zaidi. Lakini ukubwa wa sauti na wembamba wake ni vitu viwili, na akili huvichanganya.

Kama ungekuwa umesimama katikati ya reli (usijaribu), masafa yangebaki palepale: 667 mwanzo hadi mwisho, kisha ghafla 545. Ukiwa pembeni, kinachohesabika si mwendo wote wa treni bali ile sehemu ya mwendo inayoelekea kwako. Treni ikiwa mbali sana, karibu mwendo wote unakuelekea. Inapokaribia, inaanza kukupita kwa ubavu, na sehemu inayokuelekea inapungua. Mahali ambapo mstari kutoka kwenye treni hadi kwako unafanya nyuzi 60 na reli, ni nusu tu ya mwendo, mita 17 kwa sekunde, inayokuelekea. Sauti iliyotoka hapo utaisikia ikiwa 631.6. Kwa hiyo masafa yanashuka muda wote, polepole kwanza, kwa kasi inapokupita, kisha polepole tena. Jibu ni (c).

Ndani yake kuna mtego mwingine mdogo. Treni ikiwa mbele yako kabisa, ubavu kwa ubavu, unasikia hezi ngapi? Wengi husema 600, kwa kuwa hapo hakuna mwendo wowote unaokuelekea. Sauti itakayotoka wakati huo ni kweli itakufikia ikiwa 600. Lakini sauti unayoisikia wakati huo ilitoka kabla, treni ilipokuwa bado inakuja. Sauti inakwenda mara kumi ya treni hii, kwa hiyo wakati sauti ilipokuwa njiani kuja kwako, treni ilisogea sehemu moja ya kumi ya njia iliyopitwa na sauti. Hii inatupa sehemu moja ya kumi ya mwendo, mita 3.4 kwa sekunde, ikikuelekea pale sauti ilipotoka: 600 × 340/336.6, yaani kama 606. Na haijalishi umesimama mita 5 au mita 300 kutoka kwenye reli, jibu ni hilo hilo. Swali likiuliza kuhusu sauti inayosikika, tafuta treni ilikuwa wapi sauti ilipotoka, si treni iko wapi sasa.

Maswali ya mwangwi ni mepesi zaidi, ilimradi usisahau nusu ya pili. Pikipiki inaelekea kwenye mwamba kwa mita 20 kwa sekunde, honi yake ni hezi 500. Dereva anasikia mwangwi wa hezi ngapi? Mwamba ndio msikilizaji wa kwanza, nao umesimama: unapokea 500 × 340/320, yaani 531.25. Wengi wanaishia hapo, na mtunzi wa swali anajua, kwa hiyo 531.25 huwa imekaa palepale kwenye machaguo. Lakini mwamba sasa ni chanzo kilichosimama kinachotoa 531.25, na dereva ni msikilizaji anayekiendea: 531.25 × 360/340. Anasikia 562.5. Kwa mkato ni 500 × 360/320, na utaona kwamba mtu mmoja ameingia kanuni mara mbili, chini alipotoa sauti na juu alipoisikia.

Nimalizie na upepo, kwa sababu ndio unaoonyesha kama mtu ameelewa au amekariri. Wewe umesimama, king'ora kimesimama, upepo mkali unavuma kutoka kwenye king'ora kuja kwako. Masafa yanabadilika? Hayabadiliki hata kidogo. Upepo unaibeba sauti, kwa hiyo inakuja haraka zaidi, lakini unayatawanya pia mawimbi kwa kiasi kilekile. Mawimbi 600 yanayotoka kila sekunde hayana pa kupotelea njiani, 600 yatafika.

Rudisha treni yetu sasa, honi 600, mwendo mita 34 kwa sekunde, na upepo wa mita 10 kwa sekunde unavuma kutoka kwenye treni kuja kwako. Katika kanuni unabadili mwendo wa sauti kuwa 350, juu na chini: 600 × 350/(350 − 34). Inatoka 664.6. Bila upepo ilikuwa 666.7. Upepo uliokuletea sauti umeipunguza kidogo, jambo ambalo wanafunzi hawalipendi kabisa.

Njia ya kulielewa ni kujifanya unaelea na upepo, kama unyoya. Ukiwa humo, hewa kwako imetulia. Treni inayokwenda mita 34 upande uleule wa upepo utaiona inaikata hewa kwa mita 24 tu. Na yule mtu aliyesimama chini kando ya reli, ambaye hajainua hata mguu, utamwona anaikata hewa kwa mita 10, akiiendea treni. Weka kwenye kanuni: msikilizaji juu, 340 + 10, chanzo chini, 340 − 24. Ni 350 juu ya 316, ileile. Upepo umechukua sehemu ya mwendo wa chanzo na kumpa msikilizaji, na kama tulivyoona kwenye 667 na 660, msikilizaji kwa mwendo uleule huipandisha sauti kidogo kuliko chanzo. Hizo hezi mbili zilizopotea zilikwenda hapo.